Lekchara kanikata maksi kwa sababu ya slaidi zake mwenyewe, hivi zinaandikwaje kwenye riferensi?

Mbegu_Chotara:

Wakuu habari za muda huu. Niko mwaka wa pili, kilimo upande wa ugani. Tulipewa asaimenti ya kwa nini wakulima wengine wanapokea mbegu mpya haraka na wengine wanachelewa, mimi nikaandika fresh tu nikitumia slaidi za wiki ya tano, madesa niliyoandika kwa mkono siku ya lekcha na ile hendauti ya kurasa kama 20 tunayotoa kopi stesheni pale getini. Karatasi imerudi nimekatwa 4 kwenye 20 na pembeni pamezungushiwa duara nyekundu, kaandika "hiki ni nini?". Chenyewe ni hiki:

```
Lecture notes (2024). Week 5. University.
Rogers (2003).
Ryan & Gross (1943).
Handout.
```

Tunatumia APA toleo la 7. Kinachoniuma ni kwamba hayo mambo yote yeye mwenyewe ndo katufundisha, sasa nimtaje nani? Ametupa nafasi ya kurekebisha mpaka Ijumaa. Naomba msaada bila matusi.

Kipanga wa Mlimani:

Dogo hapo mbona simpo, kitu cha lekchara hakikai kwenye riferensi kabisa. Unaandika ndani ya aya tu kwamba ni mawasiliano binafsi, jina lake na tarehe, basi. Sisi tulifundishwa hivyo, slaidi si chapisho.

Mama Nuru:

Afadhali umeuliza maana mimi yamenikuta. Niko masters, pendekezo langu la utafiti niliweka noti za kozi kama vyanzo sita hivi, msimamizi kafuta zote kwa mkupuo na kusema nikasome vitabu. Sasa swali langu, je nikiwa natumia noti za digrii ya kwanza za chuo kingine inakuwaje? Na je kuna mtu ana tempuleti ya pendekezo anitumie inbox?

Bibi Maktaba:

Mama Nuru pendekezo la utafiti ni habari nyingine, msimamizi wako yuko sahihi, na za tempuleti fungua uzi wako mama, tusimpoteze kijana.

Kipanga umesema nusu ya ukweli. Mawasiliano binafsi ni kwa kitu ambacho msomaji wako hawezi kukifikia. Hapa msomaji ni nani? Ni lekchara na watu wa kozi ile, na slaidi kama zimepandishwa Moodle wote wanaingia na kuziona. Hiyo inakaa kwenye orodha kama kawaida. Kisichokaa ni yale kijana aliyoandika kwa mkono, kwa sababu daftari lake liko kwake, hakuna wa kulifungua.

Sasa mdogo wangu, kabla hatujapanga mabano na nukta, niambie kwanza hiyo slaidi ya wiki ya tano inasema nini hasa, na hao Rogers na Ryan umewatoa wapi. Umewasoma?

Mbegu_Chotara:

Hapana shikamoo, sijawasoma. Wako kwenye slaidi. Slaidi ya 6 ina ile picha ya mlima inagawa watu mafungu matano, chini imeandikwa Rogers (2003). Wa kwanza kabisa 2.5%, wanaofuatia kupokea mapema 15%, halafu 34%, 34% na wa mwisho 16%. Slaidi ya 9 inasema Ryan na Gross waliwahoji wakulima 259 Iowa kuhusu mahindi chotara wakakuta wote wameshapokea isipokuwa wawili. Halafu slaidi ya 12 ni ya kwake mwenyewe, kachora jinsi mbegu inavyotoka kwa wakala wa pembejeo mpaka kwa mkulima wa kijijini na nani anamwamini nani, hiyo haina jina la mtu chini.

Bibi Maktaba:

Marahaba. Umeona sasa, kwenye faili moja una vitu viwili tofauti, na ndo maana "Lecture notes" imemchefua.

Slaidi ya 12 ni mawazo yake. Hakuna kitabu nyuma yake, kwa hiyo chanzo ni yeye na slaidi zake. Jina la ukoo la lekchara wako (mimi naandika Ukoo, H. wewe weka lake), mwaka ulio kwenye slaidi yenyewe na si siku uliyodaunlodi, kichwa kama kilivyo kwenye slaidi ya kwanza, halafu aina ya kitu kwenye mabano ya pembe, halafu Moodle na linki:

```
Ukoo, H. (2024). Adoption and diffusion in extension [PowerPoint slides]. Moodle. https://anwani-ya-kuingilia-moodle
```

Linki ni ya ule ukurasa wa kulogin, usibandike ile ndefu ya faili lenyewe, maana inafia mikononi. Ndani ya aya unaweka namba ya slaidi ili asitafute:

```
(Ukoo, 2024, slide 12)
```

Kama slaidi hazina mwaka popote basi n.d. mahali pa mwaka, usibuni.

Slaidi ya 6 na 9 ni mali ya watu wengine, lekchara kawabeba tu. Hapo nenda kwenye kitabu chenyewe. Na ngoja nikwambie kwa nini nasisitiza: jumlisha hizo asilimia zako.

Mbegu_Chotara:

2.5 + 15 + 34 + 34 + 16 = 101.5. Duh.

Bibi Maktaba:

Ndo hivyo. Kwa Rogers fungu la pili ni 13.5%, na hapo inatimia 100. Mtu alikosea kutaipu, ni kawaida, lakini wewe umeandika Rogers (2003) pembeni ya namba ambayo Rogers hakuiandika. Umemsingizia. Kitabu kiko maktaba nyingi zenye kozi za ugani, toleo la 5, na ndani yake huo utafiti wa Iowa umeelezwa kwa kirefu, kwa hiyo safari moja inakumalizia slaidi zote mbili. Ukishakisoma:

```
Rogers, E. M. (2003). Diffusion of innovations (5th ed.). Free Press.
```

Hapo slaidi huzitaji tena kwa habari hiyo. Na wale wa Iowa kama hujashika makala yao ya 1943 wasikae kwenye orodha yako, orodha ni ya ulivyosoma wewe. Unawataja ndani ya aya kupitia aliyekusimulia:

```
(Ryan & Gross, 1943, as cited in Rogers, 2003)
```

Ukikosa kitabu kabisa mpaka Ijumaa, weka Ukoo, 2024 mahali pa Rogers kwenye hayo mabano. Inakubalika ila ni dhaifu, na lekchara anaijua slaidi yake.

Lec wa Zamani (254):

Nikiongezea kutoka upande wa anayesahihisha, nimefunza huku Kenya miaka kadhaa. Tazama chini ya slaidi. Ukiona nembo ya mchapishaji na maneno ya haki miliki, au kichwa kinasema Chapter 7 wakati nyinyi mko wiki ya tano, jua hizo slaidi zilikuja na kitabu, mwalimu ameweka tu jina lake mbele. Tafuta hicho kitabu. Na mimi binafsi mwanafunzi akinirudishia maneno yangu mara tano kwenye kurasa nne hata kama ameyaandika kwa mpangilio safi naona hajasoma, nampa ya katikati. Mara moja au mbili sawa, hasa kwa kitu ambacho hakipo kwingine.

Kipanga wa Mlimani:

Nimekubali bibi, ila sisi Moodle yetu haifanyi kazi, kila kitu CR anatupia kwenye grupu la WhatsApp ni PDF. Hapo nalogin wapi?

Bibi Maktaba:

Hapo ndo pagumu. Kwa kufuata kanuni kavu, hakuna mahali pa kuifuata kwa hiyo inarudi kwenye mawasiliano binafsi uliyosema mwanzo, hivi:

```
(H. Ukoo, personal communication, May 14, 2024)
```

Haikai kwenye orodha. Na hiyo hiyo ndiyo ya madesa ya mkono, tarehe ikiwa ni ya siku ya lekcha.

Lec wa Zamani (254):

Hapo mimi sikubaliani sana. Darasa zima wanayo hiyo PDF na mwalimu ndiye aliyeitoa, mimi nilikuwa nataka niione kwenye orodha, jina, mwaka, kichwa, aina, na mahali pa Moodle waandike jina la idara na chuo. Bila linki. Lakini nikubali kwamba hiyo ilikuwa sheria yangu ya darasani, mwingine atakukata.

Mbegu_Chotara:

Kwa hiyo namuuliza mwenyewe. Na hendauti je? Haina jina, haina mwaka, kurasa zinaanza 143 mpaka 162.

Sijali_Tena:

Kurasa zinaanza 143 na bado unauliza 😂 hicho ni kitabu kimechanwa ndugu. Mwenye stesheni anajua, muulize anatolea kopi nini.

Bibi Maktaba:

Kacheka lakini kasema kweli. Hendauti aliyotunga lekchara inaanza ukurasa wa 1. Ikianzia 143 ni sura ya kitabu, na mara nyingi jina la kitabu au la sura liko juu kabisa ya kurasa, kwa maandishi madogo, kopi ikikatwa vibaya halitokei. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida iweke kwenye alama za nukuu utafute Google Books. Ukipata, unataja sura na kitabu, hendauti unaisahau.

Mwanaisimu wa Pwani:

Na sisi tunaosoma Kiswahili tunaoandika asaimenti kwa Kiswahili, hayo mabano ya pembe nayo ni kwa Kiingereza?

Bibi Maktaba:

Mimi huwaambia waandike [Slaidi za PowerPoint], na n.d. iwe h.t. Idara nyingine zina mwongozo wao, uangalie kwanza huo.

Mbegu_Chotara:

Mrejesho. Sentensi ya kwanza niliyotafuta haikuleta kitu, ya pili ikaleta, kumbe ni sura ya kitabu cha ugani na ukurasa wa kwanza wa sura ndo haukutolewa kopi. Rogers nimemkuta maktaba, nakala moja, ya kusomea humo humo, 13.5 ipo kweli. Lekchara nimemfuata ofisini kuhusu slaidi ya 12, kasema Moodle na namba ya slaidi ndo anavyotaka. Kuhusu yale aliyoyasema kwa mdomo nikayaandika kwenye daftari, kasema nitoe tu, kama siwezi kuyakuta mahali yameandikwa nisiyaweke. Ile 15% sijamwambia, nani ataanza?

Sijali_Tena:

Sapu ikishapita.