Mrejesho: muhtasari wa somo lililorekodiwa

Niliuliza: "Nimfupishieje mwanangu mgonjwa somo la usanisinuru lililorekodiwa kwa simu?"

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nilisikiliza mara mbili, kwanza mada, kisha kazi ya nyumbani pekee, ambayo mwalimu aliitaja katikati ya somo na kuirekebisha kengele ilipolia, maswali matano yakawa matatu. Alisema ikusanywe "keshokutwa". Kwa kuwa somo lilirekodiwa Jumanne tarehe 7 nami nilisikiliza Jumatano, nilikaribia kuandika Ijumaa, ilhali ni Alhamisi tarehe 9. Kila aliposema "tazameni ubaoni" niliandika dakika yake, na mwanafunzi mwenzake hapa Wete akatuletea mchoro wa jani lililopimwa wanga kwa ayodini, likageuka buluu iliyokoza karibu na weusi.