Naomba ushauri: bei ikilala baada ya kuingia, nitoke lini?

Habari zenu wakuu. Natumia chati ya saa 1 kwenye EUR/USD na naingia bei inapovunja ukinzani, kikomo cha hasara pipsi 20, lengo 40. Kinachonisumbua ni oda ambazo bei haiondoki: inacheza ndani ya pipsi 5 kwa saa nyingi, mwisho inarudi kunipiga. Nimejaribu kufunga baada ya mishumaa 6. Hasara zimepungua, lakini juzi nilitoka na pipsi 2, mshumaa wa 8 ukaenda moja kwa moja hadi lengo. Iliniuma kweli.

Je, idadi ya mishumaa mnaipata kwa kupima oda zilizoshinda zilichukua muda gani? Na muda ukiisha, mnafunga yote au nusu?