Naomba ushauri: jeki inapanda pungufu ikibeba mzigo

Habari zenu wakuu. Niko karakana moja hapa Industrial Area, Nairobi, na jeki ya haidroliki inanisumbua.

Pistoni ndogo ina kipenyo cha milimita 10, kubwa milimita 40. Kipenyo ni mara 4, basi eneo ni mara 16. Nyutoni 400 kwenye ndogo zinatoa 6400 kwenye kubwa, zinazotosha kuinua upande wa nyuma wa pikapu. Gharama yake ni mwendo: mafuta hayabanwi kirahisi, kwa hiyo yanayosukumwa na pistoni ndogo ndiyo hayo hayo yanayotandaa chini ya kubwa. Ndogo ikishuka milimita 24, kubwa inapanda 1.5 tu. Kazi iliyoingia ni ile ile iliyotoka.

Bila mzigo, mipigo 10 inapandisha milimita 15 kamili, kama hesabu inavyosema. Chini ya pikapu inapandisha 9 hivi. Lakini nikiacha kupiga, gari halishuki hata kidogo, usiku kucha (stendi ziko chini, msijali). Nimeongeza mafuta na kutoa hewa, hali haijabadilika.

Kwa kuwa haishuki, nadhani sili ya pistoni kubwa na skrubu ya kushushia ni nzima, na mafuta yanarudi tangini wakati wa kupiga.

Je, nitatofautishaje sili ya pistoni ndogo iliyochakaa na gololi ya valvu ya kuingizia isiyokaa sawa, kabla sijafungua jeki nzima?