Nauli ya ndege haijarudi mwezi wa nane sasa: niandike nini, na nitaje namba zipi?

BintiTandika
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kabla sijagombana na watu.

Januari 11 nilikata tiketi mbili za Dar kwenda Mumbai, mimi na mama, tulikuwa tunampeleka hospitali. Nilikata kwa wakala hapa mjini. Kila tiketi 1,630,000, jumla 3,260,000, nikalipa kwa kuhamisha kutoka benki kwenda akaunti yake. Safari ilikuwa Machi 2. Februari 24 shirika likafuta ndege. Kwanza wakala alijaribu kunisogeza mimi peke yangu tarehe nyingine, ikashindikana, tukakubaliana turudishiwe hela.

Leo ni katikati ya Oktoba. Kila nikipiga simu jibu ni moja: "Dada, shirika halijaturudishia, likiturudishia tu tunakupigia." Nikienda shirika naambiwa nirudi kwa wakala kwa sababu hela nililipa kwake. Nimekuwa mpira wa kona.

Sitaki kumtukana mtu, wakala mwenyewe ni jirani ya shangazi yangu. Nataka barua ya heshima lakini yenye uzito. Nimeshatuma meseji kumi na kitu, zote zinasema "naomba mnikumbuke".

ChumaChaPua
Heshima ya nini tena miezi minane? Mpige picha ofisi yake, weka mtandaoni na jina lake. Hela itarudi kabla ya Isha.

BintiTandika
Kaka, nimesema ni jirani ya shangazi.

SheriaMkononi
Dada, una haki kubwa kuliko unavyojua. Kuna Kanuni 261 ya mwaka 2004, ndege ikifutwa na shirika nauli inarudishwa ndani ya siku 7. Nukuu hiyo kwenye barua uone watakavyotetemeka. Halafu nenda benki yako uwaambie wavute hela kutoka kwa wakala, wana utaratibu huo.

MzeeWaKaunta
SheriaMkononi, siku 7 ni kweli na kanuni ipo, ila ni ya Umoja wa Ulaya. Inamshika anayeondoka kwenye uwanja wa Ulaya, au anayeingia Ulaya kwa shirika la Ulaya. Dar kwenda Mumbai haimo. Akiinukuu, msomaji wa upande wa pili atajua mara moja kwamba dada hajui alichoshika, na barua nzima itashuka thamani. La benki nalo lingefaa kama angelipa kwa kadi. Yeye alihamisha kwa hiari yake kwenda akaunti ya mtu, na hiyo benki haiivuti kirahisi.

Dada, nimekaa kaunta ya tiketi miaka 17, nikuulize mambo mawili. Karatasi ya tiketi bado unayo? Na kuna mahali umeandika namba ya tiketi kwenye hizo meseji zako kumi na kitu?

BintiTandika
Shikamoo mzee. Karatasi ninazo. Kwenye meseji niliandika zile herufi sita za juu, PNR.

MzeeWaKaunta
Marahaba. Basi tuanzie hapo, maana nadhani ndipo ulipokwama.

PNR ni jina la faili la safari tu. Ndege ikishafutwa, faili hilo baada ya muda linaondoka kwenye mfumo, na anayelitafuta Oktoba anaweza asione kitu kabisa. Hela haifuati faili, inafuata namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, na kila abiria ana yake. Kwa hiyo wewe una namba mbili na madai mawili, hata kama mlikata siku moja kwa risiti moja.

Sasa utaratibu wenyewe. Wakala wako akiwa wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, hela yako alishaipeleka kwa shirika kupitia malipo ya pamoja wanayofanya mawakala wote. Kurudi inarudi kwa njia hiyo hiyo: wakala anaomba, shirika linakubali, kiasi kinaonekana kwenye hesabu yake ya kipindi kinachofuata. Mara nyingi hakiji kama noti mkononi, kinapunguzwa tu kwenye deni lake la tiketi alizouza. Ndiyo maana wakala anaweza kukuapia kwamba hajapokea hela, na kwa macho yake ni kweli, kumbe ameshapunguziwa deni.

Kinachosema ukweli ni hali ya kuponi, yaani maneno ya kwenye mfumo yanayoonyesha kila tiketi imefikia wapi. Nenda ofisi ya shirika na karatasi zako na kitambulisho. Usiseme "nataka hela yangu", watakurudisha kwa wakala, na hapo hawakosei. Sema hivi: "Naomba mnisomee hali ya kuponi za tiketi hizi mbili." Kusoma skrini hakuwagharimu kitu. Ikisoma `OPEN FOR USE`, hakuna aliyeomba marejesho, au aliomba yakakataliwa. Ikisoma `REFUNDED`, shirika limeshaachia, na uulize tarehe.

Mwanamombasa
Hili jambo lilinipata mimi pia na nililia. Nilimnunulia binti yangu tiketi kwenye tovuti ya shirika lenyewe, kwa kadi. Wao wakasema wamerudisha, benki wakasema hawaoni kitu, miezi mitano. Mwishowe kijana mmoja wa benki akaniambia nitake ARN kutoka kwa shirika, ni namba ya tarakimu 23 inayotembea na muamala wa kadi. Nilipoileta, ilipatikana siku ya pili. Kadi yangu ya zamani ilikuwa imekwisha muda na pesa ilikuwa imekaa kwenye akaunti ya ndani ya benki. Dada, itisha ARN.

MzeeWaKaunta
Mama, hiyo ni dawa kabisa, ila ni ya kadi. Huyu hakutumia kadi, ARN haipo. Wenye kadi mnaosoma, andikeni pembeni.

BintiTandika
Nimetoka huko sasa hivi. Mzee, sijui nicheke au nilie. Tiketi ya mama inasoma `REFUNDED`, tarehe Mei 19. Yangu inasoma `OPEN FOR USE`. Yule dada wa kaunta aliniandikia kwa mkono wake na tarehe.

ChumaChaPua
MEI?! Na bado mnamwita jirani.

MzeeWaKaunta
Subiri, Chuma, usimhukumu mtu haraka. Dada ulisema wakala alijaribu kukusogeza wewe peke yako. Ili kufanya hivyo lazima akutoe kwenye faili la pamoja, na ukitolewa unapewa PNR mpya. Nabashiri kwamba baadaye aliomba marejesho kwa faili la zamani, ambalo alibaki mama tu. Ya mama ikapita. Yako ikabaki kwenye faili ambalo hakuna mtu amelifungua tena. Na mhasibu wake pengine hajui kwamba ule unafuu wa Mei ni wa mama yako. Nimeshaona ofisi nyingi zenye tatizo hilo, bila wizi wowote.

Lakini kuna jambo la haraka. Tiketi ambayo haijatumika kwa kawaida huishi mwaka mmoja tangu ikatwe. Yako ilikatwa Januari 11. Ikifika tarehe hiyo ikiwa bado wazi, ombi litakuwa gumu sana. Una takriban miezi mitatu, na sehemu yake ni sikukuu.

SheriaMkononi
Sawa mzee, nakubali la Ulaya. Ila barua lazima iwe na siku za mwisho, bila hivyo ni meseji tu.

MzeeWaKaunta
Hapo uko sahihi. Dada, isiende kwa yule anayepokea simu. Iende kwa meneja, kwa barua pepe, na nakala iliyochapwa umpelekee apige mhuri wa kupokea. Mfano:

"Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu: marejesho ya nauli, tiketi mbili. Niliwalipa shilingi 3,260,000 Januari 11, kumbukumbu ya muamala wa benki ni (weka namba), risiti yenu namba (weka). Ndege ilifutwa na shirika Februari 24, taarifa yao nimeambatanisha. Oktoba 16 ofisi ya shirika ilinithibitishia kwamba tiketi namba (ya mama) ilirejeshwa Mei 19, na tiketi namba (yangu) bado iko wazi na muda wake unakaribia kwisha. Naomba, kwanza, mnilipe ya tiketi iliyokwisha kurejeshwa. Pili, muwasilishe ombi la tiketi ya pili na kunipa namba ya ombi hilo pamoja na tarehe. Nitashukuru kupata jibu la maandishi ndani ya siku 10 za kazi. Natambua kwamba jambo hili linaweza kuwa limetokana na kutenganishwa kwa safari zetu, na niko tayari kuleta nyaraka zozote."

Ile sentensi ya mwisho usiifute. Inampa mtu mlango wa kutokea bila kuaibika. Na usichanganye madai mawili kuwa jumla moja, maana moja linamhusu yeye leo na la pili linalihusu shirika.

Jambo jingine, atakapoomba ya kwako ahakikishe ana namba ya kibali cha shirika kwamba ndege ilifutwa na wao. Bila hiyo mfumo unakata faini kama vile wewe ndiye uliyeghairi, au unarudisha yote halafu shirika linamdai wakala baadaye. Mawakala wengi hukaa kimya kwa kuogopa deni hilo.

KijanaWaPosta
Asipojibu aende TCAA? Wana baraza la watumiaji wa usafiri wa anga.

MzeeWaKaunta
Baraza lipo, na malalamiko dhidi ya shirika wanapokea. Kuhusu wakala sina hakika kama watalichukua au watasema sio wao. Mimi ningeanza na chama cha mawakala, TASOTA, kama huyu ni mwanachama.

SheriaMkononi
Mimi ningepeleka baraza hilo hilo, na shirika lipate nakala. Tiketi iliyo wazi ni ya shirika, haina ubishi.

BintiTandika
Mrejesho wakuu. Nilipeleka barua, meneja mwenyewe akaniita siku ya nne. Alifungua hesabu za Mei mbele yangu, ya mama ipo kweli, haikuwa na jina la mteja. Kuhusu kutenganishwa, mzee ulibashiri sawa. Ombi langu limetumwa, namba ya ombi ninayo kwenye karatasi.

Ya mama nimelipwa 1,570,000. Wamekata 60,000 wanasema ni gharama ya huduma yao, na kwamba huduma walishaifanya. Kwenye risiti ya Januari hiyo 60,000 haijaandikwa popote.

ChumaChaPua
Usisaini.

MzeeWaKaunta
Ada ya wakala mara nyingi hairudi, hata shirika likifuta. Lakini inatakiwa ionekane kwenye risiti. Ulisaini nini?

BintiTandika
Nimesaini kupokea 1,570,000, na pembeni nikaandika kwa kalamu "bila kukubali makato". Shangazi ananiambia niachane na hiyo elfu sitini.

Mwanamombasa
Shangazi hakulipa yeye.