Poda ya protini na vidonge vya vitamini, au niongeze tu chakula?

Chipukizi70
Wakuu, nina kilo 70, nanyanyua vyuma mara nne kwa wiki na mwili umegoma kujaa. Asubuhi ni chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate, mchana wali na maharage, usiku wali na kipande cha samaki. Rafiki ananishawishi ninunue kopo la kilo 3 la poda pamoja na chupa ya vitamini zilizochanganywa. Wengine wananiambia hizo hela nile. Nani mkweli?

Mtu wa Vyuma
Nunua poda, dogo. Chakula cha kawaida hakitoshi kwa mtu anayefanya mazoezi. Ila usizidishe gramu 30 kwa mara moja, mwili hauwezi kutumia zaidi ya hapo, nyingine inapotea bure.

Bi Mizani
Kabla ya kununua chochote tuhesabu sahani yako. Chai na mkate vinakupa gramu 8 hivi za protini. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, wali unaongeza 5 au 6. Usiku, samaki wa gramu 100 ana kama 22, na wali tena 4. Jumla ni 55 kwa siku. Mtu mzima asiyefanya mazoezi huambiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, yaani 56 kwako. Kwa hiyo upo kwenye kiwango cha mtu anayeshinda amekaa.

Kwa anayenyanyua vyuma, faida huonekana kupanda hadi karibu 1.6 kwa kilo, kisha inakuwa ndogo mno. Kwako hiyo ni 112. Lakini si lazima ufike kileleni wiki hii. Ukifika 1.2 kwa kilo, yaani 84, utakuwa umeongeza 29 tu. Mayai matatu na glasi ya maziwa yanakupa 26. Ongeza vijiko vichache vya maharage, kazi imekwisha. Utaona kwamba shimo lako kubwa lipo asubuhi, na huko ndiko pa kuanzia.

Mtu wa Vyuma, hiyo ya gramu 30 ina ukweli nusu. Kwa mlo mmoja, misuli ya kijana hupata sehemu kubwa ya msukumo wake kwenye gramu 20 hadi 40. Lakini protini inayozidi hapo haipotei. Tumbo linaimeng'enya polepole na mwili unaitumia kwa kazi nyingine.

Jiko Halilali
Mayai matatu kila asubuhi nani atayakaanga? Mimi natoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Kijiko cha poda kwenye maji, natikisa, nimemaliza. Muda nao ni gharama, msimcheke mwenzenu.

Bi Mizani
Sikucheki, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua poda, kuliko hizo zinazoandikwa kwenye matangazo. Ingawa mayai ya kuchemsha usiku yanakusubiri hadi asubuhi. Kwa misuli, gramu 24 za kopo hazina maajabu kuliko gramu 24 za yai au samaki.

Kuhusu bei, pima hivi. Kopo la gramu 900 lenye protini 24 katika kila gramu 30 lina gramu 720 za protini. Trei ya mayai 30 ina kama 180. Kopo moja ni sawa na trei nne. Kopo likikugharimu zaidi ya trei nne, unalipia wepesi wa kutikisa. Ukiona wepesi huo una thamani hiyo, lipa kwa amani.

Chipukizi70
Hilo la kilo 3 limeandikwa protini 24 kwa herufi kubwa mbele. Si ni lile lile, ila kubwa zaidi?

Bi Mizani
Geuza nyuma, uandike hapa kipimo cha mara moja ni gramu ngapi.

Chipukizi70
Nimepigiwa picha. Kipimo gramu 150. Protini 24, wanga 108.

Bi Mizani
Basi hilo ni kopo la kuongeza uzito. Kilo 3 zina vipimo 20, yaani gramu 480 tu za protini. Kopo dogo la gramu 900 linalishinda kwa mbali! Sehemu kubwa ya hilo kubwa ni wanga uliosagwa laini, na wali unao tayari nyumbani. Kila mara gawa protini kwa uzito wa kipimo. Kwenye poda ya protini ya maziwa tarajia robo tatu au zaidi. Hapo ni chini ya moja ya tano.

Pia soma orodha ya viambato. Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe, hupima naitrojeni iliyomo kisha kukadiria protini. Mjanja akitia glisini au taurini, ambazo nazo zina naitrojeni na ni za bei rahisi, kipimo kinapanda bila misuli kupata kitu. Njia hiyo hiyo ya kupima ndiyo iliyodanganywa kwa kemikali ya melamini kwenye maziwa ya watoto kule China mwaka 2008, na watoto wakaumia figo. Ukiona glisini karibu na mwanzo wa orodha, liache.

Mama Mtarajiwa
Samahani, kwa anayetafuta mtoto mnashauri poda gani? Nimeambiwa nianze vitamini mapema.

Bi Mizani
Dada yangu, poda si swali lako. Wewe uko kwenye kundi ambalo kidonge kina kazi. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, anza kabla ya kushika mimba na uendelee hadi wiki ya 12. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Mboga za majani zina foliki, ila nyingi hupotea kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Na kidonge chochote chenye retinoli nyingi kiepuke, vitamini A ya namna hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Ukiwa na kifafa, kisukari, au ulishapata mtoto mwenye tatizo la mgongo, dozi yako ni tofauti, mwone daktari kwanza.

Mtu wa Vyuma
Sisi wengine tumeze tu, ziada si tunaikojoa? Mkojo wangu ni wa njano kama rangi ya kupaka.

Bi Mizani
Hiyo njano ni vitamini B2 ikitoka, hapo uko sawa. Vitamini C nayo nyingi hutoka. Lakini A, D, E na K hukaa kwenye mafuta na ini. Hata B6, ambayo huyeyuka kwenye maji, ikimezwa kwa dozi kubwa muda mrefu huleta ganzi miguuni. Na kama unavuta sigara: huko Finland walijaribu vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa wanaume wavutaji, matokeo yakatoka 1994. Waliomeza walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiomeza. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa, huyo anahitaji B12. Chipukizi, kwako ningeongeza mboga na matunda kabla ya chupa, kwani hukuvitaja kabisa.

Mwana wa Mzee
Baba yangu ana miaka 78, tangu alazwe anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Poda je?

Bi Mizani
Huyo ndiye ningempa kabla ya kijana wa mazoezi. Changanya kwenye uji au maziwa anayokunywa tayari. Lakini pima figo kwanza, figo zikiwa dhaifu kiwango cha protini apange daktari wake.

Jiko Halilali
Maziwa yananifura tumbo. Poda iliyochujwa haina neno. Bado nasema poda.

Bi Mizani
Jaribu mtindi, wengi wenye shida hiyo huuvumilia.

Jiko Halilali
Mtindi nao nani atanibebea alfajiri?

Chipukizi70
Nimemwambia rafiki abaki na kopo lake. Sasa hayo mayai, kiini nitupe au nile?

Mtu wa Vyuma
Tupa kiini.

Bi Mizani
Kula. Karibu nusu ya protini unayoitafuta iko humo.