"LI moja inatosha"?! Barua yangu kwa mkufunzi wa sarufi hii hapa, someni

Mnyonge_wa_Semina:
Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kalamu nyekundu nene, anaingia semina kama anakuja kukamata wezi. Leo karudisha zoezi la wakati uliopita timilifu. Swali la 3 lote kalichinja, na pembeni kaandika: "LI moja inatosha." LI moja inatosha! Wino umetokeza hadi ukurasa wa pili. Barua naituma kesho asubuhi:

*Mwalimu, shikamoo.*

*YAH: ALAMA ZA SWALI LA 3*

*Niliandika "Tulipofika kituoni, basi lilikuwa limeondoka." Umekata, ukaandika "liliondoka". Mwalimu, kwa sentensi yako sisi tumefika na basi likaondoka tukiliona; mtu ana haki ya kutuuliza mbona hatukudandia. Kwa yangu tumekuta kituo kitupu. Hiyo "lilikuwa" inatupeleka kwenye saa ya kufika kwetu, na "limeondoka" inasema kwamba kufikia saa hiyo jambo limekwisha. Ukiondoa moja, msomaji hajui kipi kilitangulia, na swali liliuliza hichohicho.*

*Pia niliandika "Mtihani ulipoanza, Asha alikuwa hajalipa ada." Umeweka "hakulipa". Hakulipa ni kwamba hakulipa, basi, tumemaliza. Hajalipa inamwachia nafasi, huenda alilipa wiki iliyofuata. Umemfukuzisha Asha chuo kwa silabi moja.*

*Kadhalika "vitabu vilikuwa zimechukuliwa" na "mtoto alikuwa amelala". Naomba usahihishe upya.*

LI moja inatosha. Nikifumba macho naiona.

Kiti_cha_Nyuma:
Barua yote hii kwa alama 8? Mimi ningenunua chipsi.

Bi_Ngeli:
"Vitabu vilikuwa ZIMEchukuliwa"? Vitenzi vyote viwili vinafuata nomino ileile: vilikuwa vimechukuliwa. Hapo hata mimi ningekata.

Mnyonge_wa_Semina:
Hiyo ni simu. Usitutoe kwenye mada. LI MOJA INATOSHA jamani!

Dogo_Msomi:
Kosa lako ni kusahau -sha-. Timilifu ya zamani lazima iwe "lilikuwa limeshaondoka". Bila -sha- haijatimia.

Bi_Ngeli:
Si lazima, mdogo wangu. "Lilikuwa limeondoka" imekamilika yenyewe. -sha- ni kile kitenzi "kwisha" kilichofupishwa, kinaongeza kwamba jambo lilishapita, tena pengine mapema kuliko ulivyotarajia. Ila umenigusia kitu. "Tulipofika, basi lilishaondoka" haina "lilikuwa" wala -me-, ina LI ya wakati uliopita na -sha- tu, na bado basi limetangulia. Kama ndicho mkufunzi alichokuwa nacho kichwani, "inatosha" yake ina mguu mmoja wa kusimamia. Lakini hakuandika "lilishaondoka", kaandika "liliondoka", na hiyo haitoshi.

Kwenye "mtoto alikuwa amelala" simtetei mtoa mada. Lala, kaa, simama, vaa, choka: ukivipa -me- vinaonyesha hali inayoendelea. Mtoto alikuwa amelala maana yake wakati ule yuko usingizini. Basi lilikuwa limeondoka, kuondoka kumekwisha. Kwa hiyo tuwekee maneno ya swali. Kama lilitaka "tendo lililokwisha kabla ya tendo lingine", kulala kwa huyo mtoto hakujaisha. Kama lilitaka "lililoanza kabla", amekuonea.

Mnyonge_wa_Semina:
Karatasi ya maswali ameikusanya. Sasa ona mtu huyo!

Mzee_wa_Sup:
Mimi pia kanionea. Niliandika "alikuwa anakula" kakata.

Bi_Ngeli:
Hiyo ni ya tendo lililokuwa likiendelea, kaka. Zoezi ni la timilifu. Hapo hujaonewa.

Mzee_wa_Sup:
Basi tuseme nilionewa muhula uliopita.

Binti_Pwani:
Kwetu tunasema "keshaondoka" na "keshalala", maisha yanaendelea. Huyo wenu angekufa kwa presha.

Dogo_Msomi:
"Kesha" si sanifu.

Binti_Pwani:
Umeanza kunifundisha lugha ya bibi yangu?

Kiti_cha_Nyuma:
Tuache hayo, nani ameona alama za kozi kwenye mfumo? Yangu inasoma "haijakamilika" na mtihani nilifanya, karatasi nilikabidhi, sahihi niliweka.

Mzee_wa_Sup:
Hata yangu. Nenda ofisi ya mitihani na nakala ya fomu ya mahudhurio, bila hiyo watakurudisha.

Mnyonge_wa_Semina:
Jamani, barua yangu...

Kiti_cha_Nyuma:
Ofisi inafungwa saa ngapi?