Naomba ushauri: wawili kwenye timu yangu hawasemezani, na nimeshasikiliza upande mmoja

Kiongozi Mgeni: Wakuu, naongoza timu ya watu 7, huu ni mwezi wangu wa nne. Wa zamu ya asubuhi na wa jioni hawasalimiani. Wa asubuhi alinifuata akasema mwenzake mvivu, anaacha viporo makusudi. Nikampa pole. Yule wa jioni kapata habari, sasa kila nikisema kitu ni "sawa bosi" tu. Ijumaa nimewaita wote. Nianzie wapi?

Chuma Chakavu: Waweke chumba kimoja, kila mtu atoe la moyoni, wapeane mikono. Kwangu huwa yanaisha.

Mama Daftari: Chumba kimoja sawa, ila si kwa kuanzia. Mtu ambaye hajasikilizwa, ukimkalisha mbele ya mwenzake atajitetea tu. Kaa na wa jioni peke yake kabla ya Ijumaa. Anza kwa kukiri kwamba ulimpa mwenzake pole kabla hujamsikia yeye. Kisha mwulize zamu ya mwisho ilikwendaje tangu alipoingia, na usimkatize. Akimaliza, mrudishie alichosema kwa maneno yako. Akikwambia "siyo hivyo", bado hujamsikiliza. Na usimwahidi siri ya kila kitu. Mwulize lipi unaruhusiwa kulitaja mezani.

Sina Haraka: Mimi ninayegombana naye ndiye bosi mwenyewe. Nifanyeje?

Mama Daftari: Hapo tafuta mtu wa tatu, mgomvi hawezi kuwa msuluhishi.

Kiongozi Mgeni: Nimekaa naye jana. Kumbe anakuta kazi ziko nusu, hajui ipi imefikia wapi, anaogopa kuzigusa asije akaharibu. Asubuhi mwenzake anazikuta zimelala palepale.

Mama Daftari: Basi Ijumaa andika ubaoni sentensi moja isiyo na jina la mtu wala tabia yake: "Kazi inapokezanwa bila kuandikwa imefikia wapi." Mmoja akiikataa, irekebisheni kwanza, msikimbilie suluhisho. Halafu mkubaliane nani atafanya nini, kuanzia lini. "Tutawasiliana vizuri" usiikubali, maana huwezi kuikagua. Dakika 10 za makabidhiano unaweza. Pangeni kabisa siku ya kuangalia, baada ya wiki 2 hivi.

Chuma Chakavu: Na kukiwa na matusi? Nakiri, wangu mmoja alimtukania mwenzake mama yake. Mikono walipeana, wiki iliyofuata wakarudi kulekule.

Mama Daftari: Matusi na vitisho usiviweke ubaoni. Hivyo vina utaratibu wake wa nidhamu.

Chuma Chakavu: Sikubaliani sana, ukipeleka juu timu inavunjika.

Kiongozi Mgeni: Mrejesho. Wa asubuhi aliikataa sentensi. Akasema yeye huandika, akatoa simu yake akatuonyesha. Kweli yote yalikuwemo, kwenye simu yake! Wa jioni akacheka kidogo. Tukabadilisha: "haiandikwi panapoonekana na wote." Daftari linaanza Jumatatu, na wa asubuhi hatoki mpaka mwenzake alisome. Salamu bado hawapeani.